Waziri Asiyevaa Gwanda na Jenerali Aliyekomaa Kambini

*"Daktari, mimi ni mwalimu wa historia hapa Umoja, Nairobi. Wanafunzi wangu wameniuliza swali nikakosa jibu la kuniridhisha. Waziri wa Ulinzi ni raia, pengine hajawahi kushika bunduki, na jenerali ana zaidi ya miaka thelathini jeshini. Huyo waziri anamwamuru jenerali kwa njia gani hasa? Na jenerali akiona waziri amekosea, anaruhusiwa kukataa? Naomba jibu lisilo la juu juu."*

Mwalimu, ugumu wa swali lenu uko katika neno "kuamuru". Katika Katiba yetu ya mwaka 2010, Waziri wa Ulinzi hana cheo cha ukamanda. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, kwa mujibu wa Ibara ya 131, na anayeongoza vikosi kitaaluma ni Mkuu wa Majeshi. Waziri anatajwa katika Ibara ya 241, na hapo hatajwi kama kamanda, bali kama mwenyekiti wa Baraza la Ulinzi. Mezani huketi naye Mkuu wa Majeshi, makamanda watatu wa Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Anga na Jeshi la Wanamaji, pamoja na Katibu wa Wizara. Ukiwahesabu utapata watu sita, wanne wakiwa wamevaa sare na wawili wakiwa raia. Baraza hilo ndilo lililopewa sera ya jumla, udhibiti na usimamizi wa majeshi.

Si kila nchi imepanga hivyo. Ujerumani, ambayo ilipoandika upya mpangilio wa jeshi lake katika miaka ya 1950 ilikuwa na sababu nzito za kuwaogopa majenerali wake, iliweka ukamanda wenyewe mikononi mwa Waziri wa Ulinzi wakati wa amani, na ukamanda huo humhamia Chansela endapo nchi itatangazwa kuwa katika hali ya kujilinda dhidi ya shambulio. Kwa hiyo mwanafunzi wako angeuliza swali hilo Berlin, angejibiwa kwamba waziri anamwamuru jenerali moja kwa moja. Hapa kwetu jibu linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu waziri wetu hutawala kwa karatasi.

Sisemi karatasi kwa dharau. Raia anayepita Lenana Road na kuona lango la Ulinzi House hudhani kwamba nguvu ya mahali pale iko kwenye bunduki za walinzi, ilhali sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo katika mafaili. Jeshi haliwezi kununua gari, kuajiri kuruta, kujenga kambi wala kuvuka mpaka bila karatasi yenye saini ya mtu fulani, na katika demokrasia saini hizo hugawanywa kwa makusudi ili mtu mmoja asiweze kukamilisha jambo zito peke yake. Fedha hupitishwa na Bunge, na wizarani anayewajibika kwa matumizi yake ni Katibu wa Wizara, ambaye ni raia. Hesabu hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu. Kupeleka vikosi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani huamuliwa na Baraza la Usalama wa Taifa kwa idhini ya Bunge. Waziri amesimama katikati ya njia hizi zote. Hampigii jenerali kelele za "kulia geuka", lakini karibu kila jambo ambalo jenerali analihitaji mwaka ujao lazima lipite mezani pake.

Ndiyo maana haidhuru kwamba hajavaa gwanda. Raychelle Omamo, aliyeshika wizara hiyo kuanzia mwaka 2013 hadi 2020, ni wakili aliyewahi kuongoza Chama cha Mawakili. Mohamed Yusuf Haji, aliyekuwa waziri wakati majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011, alitoka katika utawala wa mikoa. Marekani imefika mbali zaidi na kufanya uraia kuwa sharti la sheria, kwamba afisa aliyestaafu hawezi kuwa Waziri wa Ulinzi kabla ya miaka saba kupita tangu avue sare, au kumi ikiwa alikuwa jenerali, isipokuwa Bunge lao limsamehe kwa kura maalumu. Limefanya hivyo mara tatu tu, kwa George Marshall mwaka 1950 (wakati huo sharti likiwa miaka kumi), James Mattis mwaka 2017 na Lloyd Austin mwaka 2021. Hofu yao ni kwamba jenerali wa jana akiwa waziri wa leo, ataendelea kuyaona mambo kwa jicho la wenzake wa kambini, na mezani hapatabaki mtu wa kuuliza maswali ya kijinga ambayo raia huuliza. Nami nimejifunza kuyaheshimu sana maswali ya kijinga, maana swali kama "tukikaa kule mwaka mzima itagharimu kiasi gani, na tutatokaje?" halijawahi kuhitaji mtu aliyepitia chuo cha kijeshi.

Tatizo la waziri liko kwingine. Wengi hukaa ofisini miaka miwili au mitatu, ilhali mkuu wa vikosi amekuwa humo tangu ujana wake na anajua lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Waziri akiomba ushauri, huletewa mapendekezo. Katika wizara nyingi duniani kuna mchezo wa zamani wa kumletea mawaziri mapendekezo matatu, la kwanza likiwa la aibu, la tatu likiwa la wazimu, na la katikati likiwa lile ambalo makamanda walikwisha kulichagua wiki iliyotangulia. Waziri hudhani ameamua, kumbe ametia saini tu. Kinga yake ni kuwa na wataalamu raia wanaodumu wizarani kuliko yeye, wanaoweza kumnong'oneza kwamba pendekezo la nne lilikuwapo likaondolewa. Waziri asiye na watu hao hugeuka kuwa msemaji wa jeshi serikalini, badala ya kuwa msimamizi wa serikali jeshini.

Sasa nije kwenye msuguano. Watu hudhani kwamba waziri na jenerali hugombana juu ya vita, kama vile tushambulie kilima hiki au kile. Hilo hutokea mara chache, kwa sababu mawaziri wengi hujua kwamba hawajui. Ugomvi mkali huzuka pale ambapo karatasi haisemi wazi uamuzi ni wa nani, na sehemu inayoongoza kwa ukungu wa namna hiyo ni upandishaji vyeo na uteuzi wa maofisa wa juu. Jenerali huona uteuzi kuwa jambo la kitaaluma, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua vijana wake tangu wakiwa makapteni. Waziri huona uteuzi kuwa ndiyo njia pekee ya serikali kuhakikisha kwamba ngazi ya juu ya jeshi haigeuki kuwa ukoo unaojirithisha wenyewe. Wote wawili wana hoja ya kweli, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kisa kinacholionyesha hili vizuri zaidi kilitokea India mwaka 1998, nami hukitumia darasani kwa sababu wahusika wake hawakuwa wahuni wala wapanga mapinduzi. Mkuu wa Jeshi la Wanamaji alikuwa Admeri Vishnu Bhagwat, aliyeshika wadhifa huo mwaka 1996. Waziri wa Ulinzi alikuwa George Fernandes, mtetezi wa wafanyakazi aliyepata umaarufu kwa kuongoza mgomo mkubwa wa reli mwaka 1974, na aliyewahi kufungwa jela na serikali wakati wa hali ya hatari. Huwezi kumpata raia aliye raia kuliko huyo.

Desemba 1998, Kamati ya Uteuzi ya Baraza la Mawaziri iliamua kwamba Makamu Admeri Harinder Singh awe Naibu Mkuu wa Jeshi la Wanamaji. Bhagwat hakumtaka. Singh alikuwa tayari ameandika malalamiko rasmi dhidi ya mkuu wake huyo, na sasa serikali ilitaka kumweka ofisi ya pili kutoka yake. Bhagwat hakuishia kunung'unika. Alishika sheria, akadai kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Wanamaji ya mwaka 1957 na kanuni zilizotungwa chini yake, uteuzi wa namna hiyo unahitaji pendekezo la mkuu wa jeshi, na kwamba amri iliyotolewa bila pendekezo lake haiwezi kutekelezwa. Akaijibu serikali hivyo.

Itazame hatua hiyo kwa makini, Mwalimu, maana ndiyo kiini cha swali lako la pili. Admeri hakusema "nimekataa". Alisema "haitekelezeki". Kwa macho yake, alikuwa anailinda sheria dhidi ya waziri aliyevuka mipaka. Kwa macho ya serikali, mkuu wa jeshi alikuwa amepokea uamuzi wa mawaziri waliochaguliwa na wananchi, akaupima mwenyewe, akauona una kasoro, kisha akauweka kando. Yule anayepaswa kutii alikuwa amejipa kazi ya hakimu.

Tarehe 30 Desemba 1998 Bhagwat alifutwa. Katika sheria yao, afisa hutumikia kwa ridhaa ya Rais, na Rais, kwa ushauri wa mawaziri, aliiondoa ridhaa hiyo. Siku hiyo hiyo Sushil Kumar alikabidhiwa uongozi wa jeshi la wanamaji. Lilikuwa jambo ambalo halijapata kutokea tangu India ipate uhuru, kwamba mkuu wa jeshi anafukuzwa kazi. Meli zilibaki bandarini na hakuna kikosi kilichotoka kambini. Bhagwat alirudi nyumbani akaendelea kujitetea kama raia, kwa maneno na maandishi.

Je, nani alikuwa na haki? Nimebadilisha maoni yangu mara mbili tangu nianze kukisoma kisa hiki. Siku hizi nasema kwamba serikali ilikuwa na haki ya kuamua na ilitumia haki hiyo vibaya. Kumwekea mkuu wa jeshi naibu ambaye ameandika malalamiko dhidi yake ni kupanda ugomvi ndani ya ofisi ambayo kazi yake ni kufikiri vita. Lakini kasoro ya uamuzi haimpi mwanajeshi mamlaka ya kuuzuia. Katika demokrasia aliyechaguliwa ana haki ya kukosea, na atakayemwadhibu kwa kosa lake ni Bunge na mpiga kura. Na adhabu hiyo haikuchelewa sana. Suala la Bhagwat lilizuka bungeni, chama kimoja kilichokuwa katika muungano wa serikali kikataka Fernandes aondolewe wizarani na kisa chenyewe kichunguzwe, na chama hicho kilipojitoa katika muungano, serikali ilianguka tarehe 17 Aprili 1999 kwa tofauti ya kura moja, 270 dhidi ya 269. Ugomvi wa admeri haukuwa sababu pekee ya kuanguka huko, lakini ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa waziwazi.

Kulikuwa na sababu nyingine ya ndani ambayo waandishi wa habari huipita haraka. Wakati huo makao makuu ya majeshi ya India yalihesabiwa kuwa ofisi zilizoambatanishwa na wizara, si sehemu ya wizara yenyewe. Pendekezo la admeri lilisafiri kama faili, likapita kwa makarani na wakuu raia, likarudi na maswali, likapanda tena. Kwa miaka mingi makamanda walijiona kwamba hawatawaliwi na waziri bali na urasimu, na hasira ya Bhagwat ilikuwa na mizizi katika udongo huo. Katibu wa Wizara ya Ulinzi naye alihamishwa wakati mmoja na kufutwa kwa admeri, jambo linaloonyesha kwamba serikali yenyewe ilijua kuwa tatizo halikuwa la mtu mmoja. Ukirudi kwenye Ibara yetu ya 241, utaona kwamba sisi tumemkalisha Katibu wa Wizara meza moja na makamanda wote. Hilo haliondoi chuki, lakini angalau wanaochukiana hutazamana usoni.

Kenya tumepunguza joto la uteuzi kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni mazoea. Jenerali Daudi Tonje, aliyekuwa mkuu wa majeshi kuanzia mwaka 1996 hadi 2000, aliacha kanuni za muda wa kutumikia, kupanda cheo na kustaafu ambazo wanajeshi wetu bado huziita kwa jina lake. Tazama pia waliomfuata. Kibwana alitoka Jeshi la Wanamaji, Kianga Nchi Kavu, Karangi Anga, Mwathethe Wanamaji, Kibochi Nchi Kavu, Ogolla Anga, na Kahariri, aliyeteuliwa mwaka 2024 baada ya Ogolla kufariki katika ajali ya helikopta, Wanamaji tena. Duru inazunguka kama zamu ya maji mtaani. Rais anabaki na uhuru wa kuchagua mtu, lakini kila kikosi kinajua zamu yake itafika, kwa hiyo hakuna kikosi chenye sababu ya kuamini kwamba kimenyimwa milele. Katiba nayo inataka uongozi wa majeshi uakisi sura ya maeneo na jamii zote za nchi, jambo ambalo humpa waziri hoja ya kisheria anapouliza kwa nini orodha iliyoletwa mbele yake inafanana mno. Mzunguko huo una gharama yake, maana unaweza kumpita afisa bora kwa sababu tu zamu si ya kikosi chake. Mimi naona ni bei nafuu.

Sehemu ya pili ya msuguano ni kutumia jeshi ndani ya nchi, na hapa karatasi zetu wenyewe zimepimwa hivi karibuni. Ibara ya 241 ina vifungu viwili vinavyofanana kwa mbali lakini vina uzito tofauti kabisa. Kifungu kimoja kinasema majeshi yatasaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, kisha yatoe ripoti kwa Bunge la Taifa. Kingine kinasema majeshi yanaweza kutumwa kurejesha amani penye machafuko, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa pekee. Katika kifungu cha kwanza unatenda kisha unaeleza, na katika cha pili unaomba kisha unatenda. Waziri anayeandika tangazo ndiye anayechagua asimame juu ya kifungu gani.

Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alichapisha katika gazeti rasmi la serikali tangazo la kutuma KDF kuwasaidia polisi. Alitumia kifungu cha dharura. Kesho yake Bunge la Taifa lilikutana na kuidhinisha hatua hiyo. Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi alikataa kuwaondoa wanajeshi, lakini akaiagiza serikali ieleze kwa tangazo, ndani ya siku mbili, mipaka ya kazi yao na muda watakaokaa. Jaji aliona kilichokosekana kwenye karatasi ile. Ilikuwa na sababu na saini, lakini haikusema wapi, hadi lini, wala kufanya nini.

Kwa kamanda, upungufu huo si jambo la mawakili tu. Jiweke mahali pa brigedia aliyepewa karatasi hiyo. Askari wake wamefunzwa kumkabili adui, si kumkamata mwizi wala kutawanya umati. Je, wanaweza kukamata raia? Wakirushiwa mawe wafanye nini? Na wakiwa barabara moja na polisi, nani anaamuru? Septemba 2013 pale Westgate tuliona gharama ya kutokuwa na jibu, ambapo kikosi cha Recce cha polisi kilikuwa ndani, jeshi likaingia, na katika mkanganyiko wa nani anaongoza, afisa wa polisi akauawa kwa risasi za upande wetu wenyewe. Kwa hiyo kamanda anayemrudishia waziri tangazo la namna hiyo na kusema "niandikie mipaka" hajakaidi. Anafanya kazi yake, na waziri mwerevu atamshukuru, ingawa pengine si siku hiyo.

Msuguano wa tatu nitaugusa kwa ufupi kwa sababu hauna ukungu mwingi, nao ni fedha, hasa jenerali anapoulizwa kuhusu fedha na wabunge. Julai 2017 Jenerali Pierre de Villiers, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, aliwaambia wabunge katika kikao cha faragha, kwa maneno makali, kwamba hakubaliani na kupunguzwa kwa bajeti ya jeshi kwa yuro milioni 850. Maneno yakavuja. Siku iliyofuata Rais Emmanuel Macron aliwakumbusha maofisa hadharani kwamba yeye ndiye mkuu wao, na tarehe 19 Julai jenerali akajiuzulu. Bunge haliwezi kusimamia jeshi bila majibu ya kweli kutoka kwa makamanda, na serikali haiwezi kufanya kazi na kamanda anayeipinga mbele ya Bunge. Sijaona nchi iliyotatua fumbo hili. Zilizo bora hujitahidi kuhakikisha kwamba vikao vya faragha vinabaki vya faragha.

Basi jenerali akiona waziri amekosea, ana njia kadhaa, na ngazi zake zinafuatana. Kwanza humwambia ana kwa ana, kwa maneno yasiyo na sukari. Asiposikilizwa, huandika, ili kumbukumbu ibaki kwamba ushauri ulitolewa na kukataliwa. Akiona jambo ni zito, huomba kumwona Rais, na hapa Kenya ana mlango wa kisheria kwa kuwa yeye mwenyewe ni mjumbe wa Baraza la Usalama wa Taifa ambalo Rais huliongoza. Lakini mlango huo usifunguliwe kila wiki, kwa kuwa mkuu wa majeshi aliyezoea kumruka waziri humgeuza waziri kuwa pambo, na baadaye wizara nzima hujifunza kumruka pia. Baada ya hapo, amri ikiwa halali, lazima aitekeleze au ajiuzulu. Kukataa kunaruhusiwa, tena kunatakiwa, pale tu amri yenyewe inapovunja sheria, kwa mfano amri ya kuwapiga risasi watu wasio na silaha au ya kuliingiza jeshi katika kampeni za chama. Amri ya kipumbavu haimo katika kundi hilo. Amri yenye kasoro ya utaratibu, kama ile ya Bhagwat, iko mpakani, na afisa aliyeko mpakani anapaswa kuomba ufafanuzi wa Mwanasheria Mkuu badala ya kutoa hukumu yake mwenyewe.

Waziri naye ana njia zake za kukosea, na iliyo mbaya kuliko zote huanza kwa simu. Waziri anapompigia moja kwa moja kamanda wa kikosi kilichoko uwanjani, akimruka Mkuu wa Majeshi, kamanda yule hubaki na mabwana wawili na hakuna karatasi yoyote itakayoonyesha nani alisema nini. Mambo yakiharibika, waziri atasema aliulizia hali tu.

Wanafunzi wako wakitaka kujua siku moja kama udhibiti huu unafanya kazi, wasitazame gwaride la Jamhuri Dei, ambako kila mtu hupiga saluti vizuri. Wape tangazo la gazeti rasmi linalotuma wanajeshi mahali fulani, wasome kama mawakili. Limetaja kifungu gani cha Ibara ya 241? Nani ametia saini? Limetaja eneo, au limesema tu "sehemu mbalimbali za nchi"? Lina tarehe ya mwisho? Linasema nani anaongoza pale polisi na wanajeshi wanapokutana? Tangazo la tarehe 25 Juni lina jibu kamili kwa maswali mawili ya kwanza pekee, na yale matatu yaliyobaki ndiyo hasa ambayo kamanda aliye barabarani huhitaji kujibiwa kabla jua halijazama.